Bango la kizimba sokoni: maneno 65 yalivyobaki 8. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nachapa na kuchora mabango Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni watu wa sokoni: nafaka, viungo, dagaa, mitumba. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kwenye kaunta, mengine na watu waliokuwa wamekasirika kwa sababu bango walilolilipia halikuwaletea mteja. Nimeyajibu nikitumia kazi moja iliyonifundisha kuliko zote, bango la mama mmoja anayeuza mchele na maharage Tandale.

Kwa nini kila mara unasema sekunde tatu? Mbona mtu huliona bango tangu mbali?

Huliona, lakini halisomi. Simama kwenye njia ya soko uangalie watu wanavyopita. Njia ina upana wa mita mbili au tatu, mabango yamefungwa juu ya vizimba yakitazama kizimba cha upande wa pili, na watu wanatembea sambamba nayo. Mpita njia aliye mita sita kabla ya kizimba chako, akitembea mita moja na nusu kutoka kwenye meza, analiona bango kwa ubavu. Kwa mkao huo upana wa kila herufi machoni mwake umebaki kama robo tu. Herufi zimebanana kama watu ndani ya daladala ya saa kumi na mbili jioni, na jicho halihangaiki nazo.

Bango linaanza kusomeka kwa raha mtu akiwa amekaribia, takriban mita moja na nusu kabla ya katikati ya kizimba, na linaacha kusomeka akipita mita moja na nusu nyingine. Hizo ni mita tatu. Mtu mwenye kapu, katika njia yenye mikokoteni, anatembea kama mita moja kwa sekunde. Hapo ndipo sekunde tatu zinapotoka. Tena si zote ni zako, kwa kuwa anaangalia pia tope, mtoto aliyemshika mkono, na mpagazi anayepiga kelele "kando, kando!"

Ukitaka kujua sekunde za kwako, muombe mtu atembee mwendo wake wa kawaida mbele ya kizimba, wewe uhesabu tangu anapoweza kulisoma bango hadi linapompita. Vizimba vya kona hupata muda mrefu zaidi, na vile vinavyotazamana na lango la soko hupata zaidi ya vyote kwa sababu watu wanavijia uso kwa uso. Kama kizimba chako ni cha namna hiyo, una nafasi ya maneno machache ya ziada.

Basi maneno yawe mangapi?

Kwenye kizimba cha katikati ya njia mimi sivuki manane. Mtu aliyeketi na gazeti anaweza kusoma maneno matatu au manne kwa sekunde moja, lakini huyu wa sokoni hajaketi, na hajakuja kusoma.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Tunawakaribisha" ni neno moja lakini lina herufi 15, sawa na kuandika "Mchele wa Kyela" pamoja na nafasi zake. Kwa hiyo ukishahesabu maneno, hesabu na herufi. Kila neno linaloanza na "tuna-" au "tuta-" litazame mara mbili: tunauza, tunapatikana, tunapokea, tunatuma. Mara nyingi unaweza kulifuta na maana ikabaki palepale. Mtu aliyesimama mbele ya magunia ya mchele anajua kwamba unauza, na anajua kwamba unapatikana hapo.

Nianzie wapi kupunguza? Nikisoma bango langu naona kila kitu ni muhimu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Yule mama alinijia na bango la futi sita kwa tatu, la fleksi, lililokuwa na mwaka mmoja. Lilikuwa limeandikwa hivi, mstari kwa mstari:

Karibuni sana wateja wetu wapendwa
(jina la duka, maneno matatu)
Wauzaji wa nafaka za aina zote kwa bei nafuu
Mchele wa Kyela, Mbeya, Kamsamba na Magugu
Maharage ya njano, soya na kablanketi
Dengu, choroko, kunde, njugu mawe
Unga wa dona, sembe na lishe
Tunauza jumla na rejareja
Tunatuma mizigo mikoani kote
Tunapokea malipo ya simu na benki
Wasiliana nasi kwa namba hizi
(namba tatu za simu)
Mungu ni mwema wakati wote

Maneno 65, namba tatu za simu, mistari 13. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake na hakuna kosa la tahajia. Ombi lake lilikuwa nimchapie kubwa zaidi, kwa sababu aliona tatizo ni udogo wa herufi. Nilipopima, herufi zilikuwa na urefu wa kama sentimita nne, na kwa mtu aliye mita tatu herufi za sentimita nne zinasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo hata ningelichapa mara mbili, mpita njia angekutana na mistari 13 mikubwa na bado asingejua aanze na upi.

Nilimwomba arudi sokoni, achukue daftari, na kwa siku tatu aandike swali la kwanza analoulizwa na kila mtu anayesimama. Asiandike waliyonunua, aandike swali tu. Aliporudi, kurasa zake zilikuwa na maswali machache yaliyojirudia. La kwanza na la mara nyingi kuliko yote: "Bei gani?" La pili: "Una mawe huu?" La tatu: "Wa wapi?" Baada ya hayo yalikuja ya wenye mahoteli na mama ntilie: "Gunia unaniachia kiasi gani?" Kwa siku zote tatu hakuna aliyeuliza kama anapokea malipo ya simu, wala kama anatuma mikoani. Na hakuna aliyeuliza kama anauza choroko, kwa sababu choroko zilikuwa pale kwenye beseni, za kijani, kila mtu anaziona.

Hapo tukapata kanuni ambayo sasa naitumia kila siku: mali iliyo mezani inajisemea yenyewe, basi bango liseme lile ambalo mali haiwezi kulisema. Lundo la mchele linaonyesha weupe wake, urefu wa punje na wingi wa chenga. Halionyeshi ulikotoka. Halionyeshi kama lina mawe. Hayo yatajulikana jioni, jino likiyakuta. Wala halionyeshi kama unakubali kuuza gunia zima.

Tukachukua kalamu. "Karibuni sana wateja wetu wapendwa" ikaondoka, kwa kuwa karibu ya kweli ni yake yeye akiisema kwa mdomo, na mama huyu ana sauti nzuri. Mistari ya maharage, dengu na unga ikaondoka yote, kwani vipo mezani. "Bei nafuu" ikaondoka kwa sababu kila kizimba cha jirani kimeandika hivyohivyo, na neno lililoandikwa na watu wote halimsaidii mnunuzi kuchagua. Malipo ya simu yakahamia kwenye kibandiko kilicho kando ya mizani, mahali mtu anapotoa simu mfukoni. Tulibaki na mistari mitatu:

Mchele wa Kyela
HAUNA MAWE
Jumla na rejareja

Maneno manane. Alinyamaza akilitazama, kisha akasema, "Mbona kama sijalipia kitu?" Nilimwelewa. Lakini mstari wa pili ndio uliomgharimu kuliko bango zima, maana ilibidi amlipe kijana wa kuchagua mawe kila asubuhi kabla ya kumwaga mchele mezani. Nilimwambia wazi kwamba kama hawezi kulitimiza hilo, tulifute, kwa sababu mteja akikuta jiwe mara moja chini ya bango linalosema hakuna mawe, hatasahau.

Nauza bidhaa ishirini. Nikiandika moja, si nitapoteza wanaotafuta nyingine?

Ndilo swali ninaloulizwa kwa wasiwasi mkubwa kuliko yote. Anayetafuta choroko anatazama mabeseni, hatazami juu. Kazi ya bango ni kumfanya mtu apunguze mwendo, na akishapunguza, meza inamalizia.

Andika kitu kimoja kinachowaleta watu wengi kwako, au kile ambacho wewe unacho kizuri kuliko jirani. Hivyo viwili si lazima viwe kimoja. Yule mama alikuwa na maharage mazuri sana ya kablanketi, lakini waliokuwa wakimjia kila wiki walikuja kwa ajili ya mchele, na maharage wakayachukua wakiwa palepale. Angeandika maharage, angewapata wachache.

Kuna bidhaa zinazovunja kanuni hii: zile ambazo hazionekani. Kama una asali chini ya meza, au siagi ya karanga iliyo ndani ya sanduku la barafu, au unasaga viungo kwa oda, hakuna beseni la kuzitangaza. Mojawapo inaweza kustahili nafasi kwenye bango kuliko mchele unaoonekana. Au itoe uionyeshe: chupa moja ya asali juu ya meza inafanya kazi kuliko neno "asali".

Bei niiweke kwenye bango?

Bei ya mchele hupanda na kushuka kulingana na mavuno, na bango la fleksi linakaa mwaka. Ukiichapa, baada ya miezi miwili utabandika karatasi juu yake, na karatasi hiyo ikichanika bango zima linaonekana limechoka.

Bei ikae kwenye kibao cha boksi kilichochomekwa kwenye lundo lenyewe, kama wazee wa soko walivyofanya siku zote. Wengi wanakosea katika kukiandika. Nimeona vibao vya "Tshs. 2,800/= kwa kilo moja tu", ambapo herufi zimekula nafasi na tarakimu zimebaki kama mchwa. Kwenye soko la Dar es Salaam hakuna atakayedhani ni dola. Andika 2,800 kwa tarakimu za sentimita sita au saba kwa kalamu nene ya wino mweusi, na chini yake neno "kilo" dogo. Neno kilo usilifute, maana wapo wanaouza kwa kopo, na mnunuzi anataka kujua analinganisha nini na nini. Kadi za boksi la biskuti, upande wa ndani usio na maandishi, zinatosha. Weka akiba ya kumi nyumbani.

Jina la duka na namba ya simu je?

Jina linategemea. Kama watu wanaelekezana kwa jina hilo, yaani mtu anafika sokoni akiuliza kwa fulani ni wapi, liweke, dogo, kwenye kona ya juu. Kama ni jina ulilobuni wewe na hakuna anayelitamka, halimsaidii mpita njia.

Namba ya simu hakuna mtu anayeikariri akitembea. Tarakimu kumi ni nyingi mno kwa sekunde tatu, na namba tatu za simu ni tarakimu thelathini. Anayeihitaji ni mteja aliyekwisha kununua na anataka kuagiza tena, hasa wa jumla. Huyo mpe kadi, au piga muhuri wenye namba kwenye mfuko anaoondoka nao. Yule mama sasa anapiga muhuri kila mfuko wa kaki wa kilo tano na kuendelea.

Nilianza biashara kwa dua. Neno la Mungu nalo unaniambia nilitoe?

Siwezi kukuambia hivyo, na sijawahi kulifuta bila mwenyewe kuamua. Ninachouliza ni nani anayesomeshwa neno hilo. Wengi wananijibu kwamba ni lao wenyewe, la kuwakumbusha wanapofungua asubuhi. Basi lina mahali pazuri zaidi: ndani ya kizimba, usawa wa macho ya muuzaji, juu ya mizani. Mama wa Tandale aliliandikisha upya kwenye kibao cha mbao, akakitundika ndani, na mteja anayesubiri kupimiwa analisoma kwa utulivu. Kule nje lilikuwa mstari wa 13 na hakuna aliyefika.

Herufi ziwe na ukubwa gani?

Kipimo ninachotumia ni sentimita moja ya urefu wa herufi kwa kila mita moja na robo hivi ya umbali. Unataka usomwe kutoka mita kumi, weka herufi za sentimita nane. Watu wengine watakuambia kwamba jicho linaweza zaidi ya hapo, na ni kweli: kwenye chati ya daktari wa macho, mstari wa mtu anayeona vizuri kwa mita sita una herufi za takriban milimita tisa tu. Lakini pale mtu ameketi, anakodoa, ana mwanga mzuri na anajibu mtihani. Mteja wako hana deni la kukodoa, na wengi wenye umri mkubwa waliacha miwani nyumbani.

Bango letu la futi sita kwa tatu lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 91. "Mchele wa Kyela" kwa herufi nene, ukiacha pembezoni pakiwa wazi kila upande, unapata urefu wa sentimita 15 kwa herufi ya kwanza. Hiyo inasomeka kutoka mita 18 kwa aliye mbele yako, ndiyo maana kizimba cha kona kinafaidi. Mistari miwili ya chini tuliipa sentimita kumi na sentimita nane. Nafasi iliyobaki tuliiacha tupu, kwa makusudi. Eneo tupu kuzunguka maandishi ndilo linalolitenga bango lako na la jirani ambalo limefungwa sentimita tano tu kutoka kwako.

Niandike kwa herufi kubwa tupu?

Kwa neno moja au mawili mafupi, sawa, ndiyo maana HAUNA MAWE ilibaki kubwa. Kwa maneno marefu, hapana. Herufi ndogo zina vichwa na mikia, kama katika h, l, k, y, na hivyo hulipa kila neno umbo lake. Neno likiwa la herufi kubwa tupu linakuwa boksi, na Kiswahili chetu chenye maneno marefu kinatoa maboksi marefu. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipochora alama za barabara kuu mpya ya Preston, Uingereza, iliyofunguliwa 1958, waliandika majina ya miji kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, kwa ajili ya madereva wanaopita kasi. Mpita njia wa soko hana kasi hiyo, lakini ana muda uleule mchache.

Jambo la kukataa bila kusitasita ni herufi zenye kivuli, zenye mstari wa pembeni wa rangi mbili, zilizopindwa kama upinde wa mvua, na zile za mwandiko wa kadi za harusi. Kompyuta ya mchapaji inazo zote na anaweza kukuwekea bure. Mwambie hapana.

Rangi gani?

Sokoni rangi inategemea kilicho juu yako. Wengi tuna turubai la bluu, na mwanga unaopita ndani yake unakuwa wa bluu. Chini ya mwanga huo nyekundu inageuka kama nyeusi iliyofifia, kwa hiyo maandishi mekundu juu ya kijani, yaliyoonekana ya moto kwenye kompyuta, yanazama. Wapo pia wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na kwao bango hilo limefutika.

Nyeusi juu ya njano hainiangushi, nyeupe juu ya kijani kilichokoza pia. Kama huna hakika, piga picha ya rangi ulizochagua ukiwa chini ya turubai lako, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Maandishi yakibaki wazi, rangi zinafaa. Yakiwa kijivu juu ya kijivu, badilisha moja iwe nyepesi au nzito zaidi.

Muulize mchapaji kama ana fleksi isiyong'aa. Ile inayong'aa ikipigwa na jua la saa nne inatoa mwako, na katikati ya mwako huo hakuna herufi.

Na picha? Mchapaji wangu alinipa sahani ya pilau bure.

Ukiwa na mchele wenyewe mezani, picha ya pilau inachukua theluthi ya bango kusema kitu ambacho pua na macho vimekwisha kusema. Picha inafaa kwa bidhaa isiyoonekana, na iwe moja, kubwa, iliyokatwa bila mandhari nyuma yake. Picha kumi ndogo za mabeseni ni mistari 13 kwa sura nyingine.

Watu wanapita kwa ubavu, umesema. Hakuna namna ya kuwapata kabla hawajafika?

Ipo, na kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua hiki kabla ya bango kubwa. Ni kibao cha pembeni: kidogo, chenye maandishi pande zote mbili, kinachoning'inia kikikatisha njia, ili anayekuja akitazame uso kwa uso. Sentimita 40 kwa 40 zinatosha. Neno moja au mawili tu. Chetu kiliandikwa "Mchele", herufi za sentimita nane, nyeusi juu ya njano, pande zote mbili. Kwa kipimo kilekile kinasomeka mita kumi kabla, nazo ni sekunde kumi za mwendo.

Angalia kimo. Wapagazi wanapita na magunia kichwani, kwa hiyo ukingo wa chini uwe juu kuliko mzigo wao, mita mbili na nusu hivi, na ufunge kwa kamba ili kikipigwa kiyumbe kisianguke. Ongea na uongozi wa soko kwanza. Masoko mengine hayaruhusu kitu kuingia juu ya njia, na kibao kinachong'olewa ni hasara.

Nitajuaje kama bango linafanya kazi kabla ya kulichapa?

Mwambie mchapaji akutumie picha ya mchoro kwenye simu. Mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuliona, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kisha ficha simu. Usimuulize kama ni zuri. Ukiuliza hivyo, kwa adabu yetu atasema ni zuri. Muulize: "Wanauza nini, na wamesema nini kuhusu hicho kitu?" Fanya kwa watu watano. Nilipofanya hivyo na bango la zamani la Tandale, mmoja alisema "nafaka", wawili walisema "ni duka la mtu fulani", na waliobaki walikumbuka zile namba za simu, bila kuzitaja hata moja. Kwa bango jipya wote walisema mchele, na wanne walitaja mawe.

Kisha punguza picha hadi iwe na ukubwa wa stempu. Mstari unaoendelea kusomeka ndio mstari wako mkuu, upende usipende. Kama si ule uliokusudia, ukubwa wa herufi umegawanywa vibaya.

Bango likishatundikwa, rudi kwenye daftari. Swali "una mawe?" lilipungua sana kwenye kurasa za yule mama, na wale waliouliza waliuliza kwa namna nyingine: "Ni kweli hauna mawe?" Hiyo ndiyo ishara kwamba wamesoma. Lakini nisikufiche mpaka wake: kama watu hawapiti kwenye njia yako, hakuna bango litakalowaleta, na bei ikiwa juu ya jirani watasoma, watasimama, na wataondoka.

Mchapaji anasema bei ni ileile, kwa hiyo nijaze tu. Ana kosa gani?

Kuhusu bei ana haki. Fleksi inalipiwa kwa eneo, si kwa maneno, na ndiyo maana mabango yanajaa: mteja anaona neno la ziada ni la bure. Halina gharama kwenye risiti, ila linayafunika maneno mengine. Nenda na maandishi yako ukiwa umeshayaamua kwenye karatasi, na mistari iwe imepangwa. Ukiacha mchapaji aamue, atajaza, kwa sababu wateja wake wengi hulalamika wakiona nafasi tupu.

Bango hukaa muda gani?

Chini ya kivuli, mwaka au zaidi. Kwenye jua la moja kwa moja wino mwekundu na wa njano huanza kukimbia mapema, bluu na nyeusi hubaki, ndiyo maana mabango ya zamani yote yanaonekana kama ya bluu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika neno kuu kwa nyeusi: hata njano ya nyuma ikififia, maandishi yatasomeka.

Ukiwa unabadilisha, soma upya kila kitu. Hadi leo naletewa mabango ya unga wa lishe ya kunakili, yana maneno "imethibitishwa na TFDA". Mamlaka hiyo ilibadilika kuwa TMDA mwaka 2019 na masuala ya chakula yakahamia TBS. Mnunuzi makini akiona jina la zamani anajiuliza na unga wenyewe ni wa lini.

Sina fedha ya bango jipya. Hili nililonalo nifanyeje?

Anza kwa kufunika. Chukua karatasi nyeupe na gundi ya utepe, funika mistari yote isipokuwa ile mitatu uliyochagua, uache hivyo kwa wiki. Litaonekana limeviraka, lakini utajua kama ile mitatu ndiyo yenyewe kabla hujatoa shilingi.

Ukisharidhika, lishushe uligeuze. Fleksi nyingi upande wa nyuma ni nyeupe tupu. Lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, piga mistari kwa penseli na rula ndefu, kisha mpe mchoraji wa brashi aandike kwa rangi ya mafuta nyeusi, akianza na mstari mkubwa. Liache siku mbili kivulini kabla ya kulitundika. Ukilihifadhi, liviringishe maandishi yakiwa nje. Ukilikunja, rangi itapasuka kwenye mikunjo, na mara nyingi mkunjo wa kwanza hupita katikati kabisa ya neno kuu.